Kabla hujaposti, mwandikie anayekuuzia

Semista iliyopita niliuza mashuka hosteli. Niliposti "shuka 5 kwa 6, pamba" kwa sababu mwenye duka aliniambia hivyo. Wateja watatu wakarudisha: halifuniki ubavu wa godoro. Kumbe wateja wanaposema 5 kwa 6 wanamaanisha kitanda, na yale mashuka kitambaa chenyewe ndicho kilikuwa futi 5 kwa 6. Piga hesabu. Kitanda kina upana wa inchi 60. Godoro nene la inchi 8 linakula 16 nyingine kwa pande mbili. Tayari ni 76, na bado hujachomeka chini. Bumu langu likaishia kurudisha hela za watu.

Siku hizi natuma kwanza barua hii:

"Shikamoo Mama. Kuhusu mashuka ya maua, naomba kujua urefu na upana wa kitambaa kikitandazwa, kwa sentimita, kabla ya kufuliwa. Pamba ni asilimia ngapi, na poliesta? Huu ni mzigo wa mwezi uliopita au mpya? Kama lebo ina namba, naomba picha yake."

Nasema "kabla ya kufuliwa" kwa sababu pamba husinyaa. La mzigo ni la rangi: maua yaleyale, mzigo mwingine, bluu inaweza kutofautiana kidogo, na mteja anayerudi kuongeza foronya ataiona.

Akijibu "ni saizi ya kawaida," najua hajapima. Namwomba picha, tepu ikiwa juu ya shuka.