Kuisha kwa kikao (tovuti)

Kuisha kwa kikao ni hali ambapo tovuti inamtoa mtumiaji aliyeingia kwa nenosiri kwa sababu seva haikupokea ombi lolote kutoka kwake kwa muda uliowekwa.

Mtu anapoingia, seva humfungulia kumbukumbu na kukipa kivinjari chake namba ya utambulisho ndani ya kuki. Kivinjari huirudisha namba hiyo kwa kila ombi.

Katika tovuti za PHP kuki hiyo kwa kawaida huitwa `PHPSESSID`. Kumbukumbu isiyoguswa kwa sekunde 1440, yaani dakika 24, huweza kufutwa, isipokuwa msimamizi amebadilisha muda huo. Mtu akifungua ukurasa wa fomu ndefu saa 4:00 asubuhi na kubonyeza "Tuma" saa 4:35, kuki yake bado ipo, lakini kumbukumbu yake huenda imekwisha kufutwa. Kuandika hakuhesabiwi, maana herufi hubaki kwenye kivinjari mpaka fomu itumwe. Kwa seva, anayeandika ni sawa na aliyekwenda zake. Kitufe cha kuhifadhi, kikiwepo, hutuma ombi, na muda huanza upya.

Ujumbe ukitokea mara tu baada ya kuingia, kosa si la muda: mara nyingi kivinjari kimezuia kuki.