Eneo Sawa: Jinsi Shinikizo la Kweli la Mvuke Linavyopatikana Kwenye Mstari wa Van der Waals

Hewa ya ukaa ikijazwa kwenye silinda yenye pistoni, halijoto ikashikiliwa pale pale na pistoni ikasukumwa polepole, shinikizo ndani hupanda kadiri nafasi inavyopungua. Hufika mahali matone ya kwanza yakatokea. Tangu hapo pistoni inaendelea kuingia, kimiminika kinaongezeka na gesi inapungua, lakini shinikizo halisogei hata kidogo. Linaanza kupanda tena, safari hii kwa ghafla na kwa nguvu, pale tu gesi yote inapokwisha kugeuka kimiminika. Shinikizo hilo lililotulia ndilo shinikizo la mvuke la hewa ya ukaa katika halijoto hiyo. Thomas Andrews wa Belfast aliyachora matokeo ya namna hii katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 1869. Alionyesha pia kwamba juu ya nyuzijoto 31 hivi sehemu hiyo tambarare hutoweka, na gesi haigeuki kimiminika hata ishindiliwe vipi.

Mwaka 1873 Johannes Diderik van der Waals aliwasilisha tasnifu yake huko Leiden, Uholanzi, ikiwa na mlinganyo mmoja wa kueleza gesi na kimiminika kwa pamoja:

P = RT/(v − b) − a/v²

Hapa P ni shinikizo, T ni halijoto, v ni ujazo wa moli moja na R ni namba ya kudumu ya gesi. Herufi b inasimama badala ya nafasi ambayo molekuli zenyewe huichukua, na a inapima jinsi zinavyovutana. Mlinganyo huu ukipangwa upya kwa ajili ya v, unakuwa wa kipeo cha tatu, na mlinganyo wa namna hiyo unaweza kuwa na majibu matatu kwa shinikizo moja. Uwezo wake wote umo humo, na tatizo linaanzia humo humo.

Mstari wa halijoto moja ukichorwa kutokana na mlinganyo huu, shinikizo likiwa wima na ujazo ukiwa mlalo, sehemu tambarare ya Andrews haionekani. Badala yake kuna bonde na kilima. Ukitokea upande wa kimiminika, mstari unateremka hadi chini ya bonde, unapanda hadi kilele, kisha unashuka taratibu kuelekea upande wa gesi. Kipande kinachopanda katikati hakiwezekani katika maumbile, kwa sababu kinadai kwamba kitu kikipanuka shinikizo lake liongezeke. Kitu cha aina hiyo kingesambaratika kwa mtikisiko mdogo tu. Vipande viwili vilivyo kando yake vina ukweli fulani: kimiminika safi kinaweza kupashwa kupita kiwango chake cha kuchemka bila kuchemka, na mvuke unaweza kushindiliwa kupita kiwango chake bila kutoa matone, mradi hakuna kitu cha kuuamsha. Hali hizo ni za muda, hazidumu.

Basi mstari wa mlalo unatakiwa uchorwe mahali fulani kati ya chini ya bonde na kilele. Ni wapi hasa? Mlinganyo wenyewe hausemi. Jibu lilitolewa na James Clerk Maxwell mwaka 1875, katika mhadhara mbele ya Jumuiya ya Kemia ya London: mstari uwekwe mahali ambapo eneo la bonde lililo chini yake ni sawa na eneo la kilima kilicho juu yake.

Hoja ya Maxwell ilihusu kazi. Kwenye mchoro wa shinikizo na ujazo, eneo lililo chini ya mstari ni kazi inayofanywa na gesi inapotanuka. Tuseme kitu kimetoka kwenye kimiminika hadi gesi kwa kufuata bonde na kilima, kisha kikarudi kwa kufuata mstari mnyoofu. Kimezunguka mzunguko mzima katika halijoto moja, na sheria ya pili ya thamodainamiki inakataza mzunguko wa namna hiyo kutoa kazi. Jumla ya kazi lazima iwe sifuri, na hilo linawezekana tu iwapo maeneo mawili yanalingana.

Hoja hiyo ina udhaifu, kwa sababu njia hiyo inapita kwenye hali ambazo hazipo. Hoja imara zaidi inatokana na nishati huru ya Gibbs. Kimiminika na mvuke vinakaa pamoja bila kimoja kumeza kingine pale tu ambapo moli moja ya kila kimoja ina kiasi sawa cha nishati hiyo. Katika halijoto isiyobadilika, tofauti ya nishati hiyo kati ya ncha mbili za mstari ni tofauti ya maeneo yale yale mawili. Kwa hiyo kusema maeneo ni sawa na kusema nishati huru ni sawa ni jambo moja. Programu za wahandisi hulinganisha kipimo kiitwacho fugasiti kwa kimiminika na kwa mvuke. Nazo, kwa kitu kilicho safi, zinatafuta mstari ule ule wa Maxwell.

Hesabu yenyewe ni fupi kuliko inavyodhaniwa. Hurahisika zaidi kila kipimo kikigawanywa kwa kiwango chake cha kikomo, yaani kiwango cha ile nukta ambapo bonde na kilima hutoweka. Kwa hewa ya ukaa, halijoto kikomo ni kelvini 304.1 na shinikizo kikomo ni bari 73.8. Herufi zikisimama sasa badala ya viwango hivyo vilivyogawanywa, a na b zinaondoka:

P = 8T/(3v − 1) − 3/v²

Tuchukue T = 0.9, ambayo kwa hewa ya ukaa ni nyuzijoto 0.6 hivi, juu kidogo tu ya barafu inayoyeyuka. Katika halijoto hiyo chini ya bonde ni P = 0.420 na kilele ni P = 0.724. Jibu limo kati ya namba hizo mbili. Kuanzia katikati yake, 0.57, kunatosha.

Kwa P = 0.57 mlinganyo unatoa majibu matatu ya ujazo: 0.619, 0.953 na 2.971. La kwanza ni kimiminika na la mwisho ni mvuke. La katikati linaachwa, kwa kuwa liko kwenye kile kipande kisichowezekana. Kisha linatafutwa eneo lote lililo chini ya mstari uliopinda, kutoka kwenye ujazo wa kimiminika v₁ hadi ujazo wa mvuke v₂:

Eneo = (8T/3) ln[(3v₂ − 1)/(3v₁ − 1)] + 3/v₂ − 3/v₁

Linatoka karibu 1.498. Kama mstari wa mlalo ungekuwa mahali pake, mstatili ulio chini yake, yaani P mara upana 2.352, ungekuwa na eneo hilo hilo. Lakini 0.57 mara 2.352 ni 1.341 tu. Kilima ni kikubwa kuliko bonde, kwa hiyo mstari uko chini mno. Shinikizo jipya la kujaribu linapatikana kwa kugawa eneo kwa upana: 1.498 kwa 2.352, yaani 0.637.

Hatua zile zile zinarudiwa kwa 0.637. Ujazo wa kimiminika unakuwa 0.605, wa mvuke 2.427, na shinikizo linalofuata ni 0.6468. Mzunguko mmoja zaidi unatoa 0.6470, na baada ya hapo tarakimu nne hazibadiliki tena. Ujazo wa mwisho ni 0.603 kwa kimiminika na 2.349 kwa mvuke. Kwa hewa ya ukaa, shinikizo hilo ni bari 47.7.

Njia hii ina mitego michache ambayo huwanasa wanaoanza. Shinikizo la kujaribu likiwekwa juu ya kilele au chini ya bonde, mlinganyo unatoa jibu moja tu la ujazo. Programu isiyokagua hilo huchukua jibu hilo kuwa la kimiminika na la mvuke kwa wakati mmoja, upana unakuwa sifuri, na hesabu inatangaza kwamba imekamilika. Dalili yake ni kimiminika na mvuke kuwa na ujazo unaofanana kabisa. Mtego mwingine uko kwenye halijoto za chini: T ikishuka chini ya 27/32, yaani 0.844, chini ya bonde panakuwa na shinikizo hasi. Jibu la kweli bado ni chanya, kwa hiyo mahali pa kuanzia ni kati ya sifuri na kilele. Kuanzia katikati ya bonde na kilele kunaweza kutoa namba isiyo na maana yoyote.

Mtego wa tatu ni wa macho. Ujazo wa mvuke unaweza kuwa mara nyingi zaidi ya ule wa kimiminika, kwa hiyo michoro mingi hutumia mhimili wa logi kwa ujazo ili vyote vionekane. Kwenye mchoro wa namna hiyo kilima hubanwa na bonde hutanuliwa. Anayelinganisha maeneo kwa jicho hapo atauweka mstari pasipo mahali pake, hata mlinganyo ukiwa sahihi. Usawa wa maeneo upo kwenye mhimili wa kawaida tu.

Jambo zito zaidi ni tofauti kati ya jibu sahihi la mlinganyo na tabia ya kitu chenyewe. Hewa ya ukaa ikipimwa katika nyuzijoto 0.6 ina shinikizo la mvuke la bari 35 hivi, wala si 47.7. Kosa hili, linalozidi theluthi moja, si la Maxwell. Mstari umewekwa panapostahili. Mkunjo wenyewe ndio usiofanana na hewa ya ukaa. Van der Waals alichukulia kwamba nguvu ya kuvutana, a, ni ile ile katika kila halijoto.

Giorgio Soave mwaka 1972, kisha Ding-Yu Peng na Donald Robinson mwaka 1976, walibaki na mlinganyo wa kipeo cha tatu lakini wakaiacha a ibadilike kadiri halijoto inavyobadilika. Mabadiliko hayo waliyachagua kwa makusudi ili shinikizo la mvuke linalotokana na mlinganyo likubaliane na lililopimwa maabara. Kwa hewa ya ukaa, mlinganyo wa Peng na Robinson hukaribia sana vipimo. Kanuni ya eneo sawa imegeuka kutoka chombo cha kusoma mkunjo hadi chombo cha kuutengeneza.

Mpaka wake ni kitu safi. Gesi ya kupikia inayouzwa kwenye mitungi Afrika Mashariki ni mchanganyiko wa propani na butani, na mchanganyiko hauna sehemu tambarare: shinikizo ambalo tone la kwanza linatokea ni tofauti na lile ambalo povu la mwisho linatoweka. Kwa mchanganyiko wa namna hiyo, fugasiti ya propani kwenye kimiminika lazima ilingane na ya propani kwenye mvuke, na ya butani vivyo hivyo, kila moja peke yake. Mstari mmoja wa mlalo hauwezi kutimiza masharti yote mawili.