Ijabu, Kabuli na Badala: Neno la Sokoni Hufunga Lini?

Wanachama wenzetu, karafuu zetu tumezoea kuzipeleka kituoni, zikapimwa, tukalipwa kwa bei iliyokwisha kutangazwa. Hapo hapana kuvutana. Lakini mwenzetu anayevuka bahari kwenda Dar es Salaam kununua mchele wa duka lake huingia mahali ambapo bei hufanywa kwa mdomo, na mara nyingi hurudi akinung'unika: "Tulikuwa tumekwisha patana, kisha yule bwana akanigeuka." Swali ni hili: je, kweli walikuwa wamekwisha patana?

Tulipokuwa Dar es Salaam tulikaribishwa katika darasa la sheria ya mikataba huko Kinondoni, na mwalimu alilifundisha jambo hili zima kwa mifano ya soko la Tandale na maduka ya Tandika, Temeke. Tumeona yafaa tuwaeleze wanachama yale tuliyoyasikia.

Sheria inayotumika Bara ni Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, ambayo sasa ni Sura ya 345. Kwetu Visiwani tunayo sheria yetu wenyewe, lakini zote mbili zimetoka katika shina moja, nalo ni Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Ndiyo maana mafundisho yake hayatupi taabu kuyafahamu. Yanataka mambo matatu: mmoja aseme neno la kujifunga, wa pili alikubali neno lile lile, na kila mmoja awe ametoa kitu au ameahidi kutoa kitu kwa ajili ya mwenzake. Mawili ya kwanza tunayajua tangu tulipohudhuria harusi: ni ijabu na kabuli. La tatu, katika makala hii, tutaliita badala.

Sasa tufuate mfano wa darasani. Mzee mmoja kutoka Pemba amefika Tandale asubuhi kutafuta magunia 10 ya mchele, kila gunia kilo 100. Ameona gunia lililofunguliwa mdomo, na juu yake kimechomekwa kibao cha bei. Wengi wetu tungedhani kibao kile ni ijabu, kwamba mtu akisema "nachukua" basi biashara imefungwa. Siyo. Kupanga bidhaa na kuandika bei huhesabiwa kuwa ni kumwita mteja tu, na mteja ndiye anayetoa neno la kwanza la kununua. Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Kama kibao kingekuwa ni ijabu, watu 20 wakisema "nachukua" kwa pamoja, mwenye magunia 10 angekuwa amejifunga kwa watu asioweza kuwatimizia.

Basi mzee akauliza, na muuzaji akajibu, "Mzee wangu, kwako wewe 260,000 kwa gunia." Hii sasa ni ijabu, kwa kuwa mtu maalumu ameambiwa bei maalumu kwa mali maalumu. Mzee akasema, "Nipe kwa 240,000, mwanangu." Hapa ndipo wengi hupotea. Mzee anadhani ameomba kupunguziwa tu, na ile 260,000 ipo pale pale ikimngojea. Kwa sheria, bei mpya aliyoitaja imeiua ile ya kwanza, na sasa yeye ndiye mwenye kutoa ijabu, na muuzaji ndiye mwenye kuamua. Katika kesi ya Uingereza ya mwaka 1840, mtu aliambiwa auziwe shamba kwa pauni 1,000, akataka alipe 950, akakataliwa, kisha akarudi kusema ameikubali ile 1,000. Mahakama ikamwambia hakuna tena 1,000 ya kukubali, kwani aliifuta mwenyewe kwa neno lake.

Turudi Tandale. Muuzaji akasema, "Mwisho 250,000." Mzee akajibu, "Sawa, nimekubali, lakini utanifikishia mpaka bandarini." Je, wamepatana? Neno "nimekubali" limetamkwa, wala hapana anayelikana. Lakini kifungu cha 7 chataka kukubali kuwe kamili, pasipo kuongeza sharti. Gharama ya pikapu haikuwamo katika neno la muuzaji, na mzee ameitia. Kwa hivyo "lakini" yake imeigeuza kabuli kuwa ijabu nyingine. Muuzaji akakataa: "Kubeba ni juu yako, mzee." Mpaka hapo, baada ya robo saa ya maneno, hapana mkataba wowote.

Ndipo mzee akasema maneno ambayo sote tumekwisha yasema: "Basi niwekee kwa hiyo 250,000, nikatazame na Tandika. Saa kumi nitarudi." Muuzaji akajibu, "Nenda mzee, hayaondoki." Mzee akapanda gari akaenda Temeke. Huko Tandika akapata mchele kama ule kwa 253,000, akauacha, kwani alikuwa na wake Tandale. Saa nane simu ikalia: "Mzee, samahani, amekuja mtu na fedha taslimu, nimemwuzia." Mzee akarudi mbio kwa yule wa Tandika, akakuta bei imekuwa 258,000. Akanunua, maana meli haimngoji mtu. Amepoteza 8,000 kwa kila gunia, yaani 80,000 kwa magunia yote 10, na nauli juu yake.

Darasani wanafunzi waliulizwa: nani amlipe mzee hiyo 80,000? Karibu wote walisema muuzaji, kwa sababu aliahidi. Mwalimu akawauliza tena: ahadi ile ya kuweka magunia mpaka saa kumi, mzee aliilipia nini? Hakulipa kitu, wala hakuahidi kitu. Hata kurudi hakujifunga kurudi, kwani kama angependa wa Tandika angenunua huko, na muuzaji asingekuwa na la kumdai. Huku mmoja amefungwa na huku mwingine yu huru. Sheria husema ahadi ya namna hiyo ni ya hisani tu. Kwa kifungu cha 25, mapatano yasiyo na badala ni batili, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa humo, na kuwekeana magunia si mojawapo. Na kwa kifungu cha 5, mwenye kutoa ijabu aweza kuirudisha wakati wowote kabla haijakubaliwa. Muuzaji aliirudisha saa nane kwa simu, na mzee alikuwa hajaikubali. Alichofanya si uungwana, lakini mahakama haitamtia hatiani.

Jambo hili liliamuliwa Uingereza mwaka 1876 katika kesi ya nyumba. Mwenye nyumba alimwandikia mtu kuwa atamwuzia kwa pauni 800, na neno lake litasimama mpaka Ijumaa saa tatu asubuhi. Alhamisi akamwuzia mwingine. Yule wa kwanza akashitaki, akashindwa, kwani hakuwa ametoa chochote cha kumfunga mwenye nyumba asubiri. Tofauti moja yafaa ijulikane. Katika kesi ile, mnunuzi alizipata habari kutoka kwa mtu mwingine, na hiyo ilitosha. Sheria yetu, katika kifungu cha 6, yataka mwenye neno mwenyewe amjulishe mwenzake kwamba ameliondoa. Ndiyo maana ile simu ya saa nane ina uzito. Kama muuzaji angenyamaza, na mzee akarudi kabla ya saa kumi akasema "nayachukua", kesi ingekuwa na sura nyingine.

Basi mzee angefanyaje? Wazee wetu walikuwa na jibu, nalo ni arubuni. Tuseme asubuhi ile angetoa 50,000 akasema, "Nimenunua magunia 10 kwa 250,000, hii ni arubuni, iliyobaki nitalipa saa kumi nikija kuchukua," na muuzaji akaipokea. Hapo mambo yote matatu yametimia: ijabu ya 250,000, kabuli isiyo na "lakini", na badala kwa pande zote mbili, fedha kwa mchele. Muuzaji akiuza kwa mwingine, mzee ana haki ya kurudishiwa 50,000 yake na kulipwa tofauti ya bei aliyolazimika kununulia kwingine, yaani ile 80,000. Na haki hiyo ni ya pande zote mbili: mzee naye asiporudi, atakuwa yeye ndiye aliyevunja mkataba.

Arubuni ina kazi ya pili ambayo watu hawaijui. Sheria ya Kuuza Bidhaa ya Bara, Sura ya 214, ina kifungu cha zamani kinachosema kuwa mauzo ya bidhaa za thamani ya shilingi 200 au zaidi hayawezi kudaiwa mahakamani mpaka lipatikane moja katika haya: mnunuzi awe amepokea sehemu ya bidhaa, au ametoa arubuni au sehemu ya bei, au pawepo maandishi yaliyotiwa saini na yule anayedaiwa. Zamani shilingi 200 zilikuwa mali nyingi, na mafungu ya nyanya yalikuwa nje ya kifungu hicho. Magunia 10 ya mchele yanazidi mpaka huo mara elfu nyingi. Kwa hivyo hata mkiwa mmepatana sawasawa na kupeana mikono mbele ya watu, pasipo arubuni, wala kupokea gunia, wala karatasi, mlango wa mahakama umefungwa.

Lipo suala moja la mwisho ambalo mwanafunzi mmoja aliliuliza, nalo latuhusu sisi wenye kuuza pia. Je, mtu aliyeuza kwa bei duni aweza kusema badala haikutosha? Hawezi. Sheria haipimi kama bei ni nzuri. Yatosha kuwa ni kitu chenye thamani. Aliyeuza nazi zake kwa nusu ya bei ya soko amefungwa kama aliyeuza kwa bei kamili. Ila mahakama yaweza kuutazama udogo wa bei pale mtu anapodai kuwa hakukubali kwa hiari yake, kwamba alitishwa au alidanganywa. Hapo bei duni huwa ni dalili ya jambo jingine, wala si kosa lenyewe.

Mwanachama atakayesimama mbele ya gunia Tandale au Tandika na ajiulize: bei ya mwisho iliyotajwa ni ya nani, yangu au yake? Nimeikubali ilivyo, au nimetia "lakini"? Na nimetoa nini? Akiwa na majibu matatu, aandike katika kipande cha karatasi idadi ya magunia, bei, kiasi cha arubuni, nani atalipa gharama ya kubeba na saa ya kuchukua mzigo, wote wawili watie saini. Arubuni ikipelekwa kwa simu ni vyema zaidi, kwani saa na kiasi hubaki vimeandikwa. Na aliyeambiwa tu "nenda, hayaondoki" ajue kwamba magunia yale bado ni ya mwenyewe, na yanaweza kuondoka kabla hajafika Temeke.