Mwandishi Ameondoka, Msimbo Umebaki

Katika programu huria, mtu wa nje akirekebisha msimbo hutuma ombi la kuunganisha, nao wasimamizi huyakagua mabadiliko yake kabla ya kuyapokea. Lakini baadhi ya waandishi huuacha mradi kabla kazi haijakamilika.

Hapo swali la kwanza ni kama tatizo lenyewe bado lipo. Tuseme ombi la miaka miwili iliyopita lilirekebisha kasoro ya majina kama Ng'ombo kukatwa kwenye ritifaa. Msimamizi huchukua jaribio tu lililoambatana nalo, akaliendesha kwenye msimbo wa sasa. Likifaulu, kuna aliyekwisha kuirekebisha kasoro hiyo, na ombi hufungwa kwa maelezo mafupi. Likifeli, kazi inastahili kupokewa:

```
git fetch origin pull/482/head:ombi-482
git cherry-pick main..ombi-482
```

Amri ya pili huleta mabadiliko yote pamoja na jina la aliyeyaandika. Yakigongana na msimbo mpya katika faili nyingi, ni nafuu kuandika upya na kumtaja mwandishi wa awali. Na kama mradi hudai mkataba wa wachangiaji, naye hakuusaini, msimbo wake hauchukuliwi hata ukiwa mzuri.