Mshazari wenye jumla sifuri

Chukua matriksi ya mbili kwa mbili na ujumlishe namba za mshazari wake, kuanzia pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia. Matriksi ambazo jumla hiyo ni sifuri zina tabia nzuri: ukijumlisha mbili kati yake, au ukizidisha moja kwa namba yoyote, jumla inabaki sifuri. Basi ni nafasi ndogo ndani ya nafasi kubwa. Ukishachagua namba tatu, ya nne inajilazimisha yenyewe, kwa hiyo vipimo ni 3, si 4. Kwa ukubwa wa n, ni n² − 1.

Sasa zidisha A = [0 1; 0 0] kwa B = [0 0; 1 0]. AB ni [1 0, 0 0], BA ni [0 0, 0 1]. Majibu tofauti, lakini jumla ya mshazari ni 1 kote. Hutokea hivyo daima, kwa sababu mishazari yote miwili hukusanya vizidisho vilevile kwa mpangilio tofauti. Kwa hiyo AB − BA ina jumla sifuri, ilhali matriksi kizio ina jumla n. Kwa namba za kawaida, haziwezi kulingana kamwe.

Mwaka 1925 Born na Jordan walihitaji hasa tofauti ya namna hiyo katika fizikia ya kwanta. Matriksi zao zilibidi ziwe zisizo na mwisho, ambako jumla ya mshazari wa kizio haipo.