“Nitasali Nikifika”

Tuseme ni Jumatatu. Basi la Tanga limetoka stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, saa tano asubuhi, na kwenye saa kumi linasimama Segera. Kondakta anatangaza dakika kumi na tano. Wengi wanakimbilia chakula, wachache wanauliza msikiti uko upande gani. Mzee mmoja wa madhehebu ya Shafi habanduki kitini. Adhuhuri ilimkuta njiani, alasiri nayo imeshaingia, lakini yeye ana jibu lake: “Nitasali nikifika.”

Akifika, atasali rakaa nne au nane? Hapo inategemea tiketi yake ya kurudi ni ya siku gani.

Umbali haumpi shida. Shafi, Maliki na Hambali wanataka safari ya marhala mbili, ambayo wanazuoni wa leo huikadiria kuwa kilomita 80 hadi 89. Hanafi wanahesabu mwendo wa siku tatu, na wengi wao huufasiri kuwa kilomita 78 hivi. Tanga iko mbali zaidi ya mara tatu ya hapo. Penye mvutano ni safari kama ya Bagamoyo, kilomita 65 hivi kutoka katikati ya Dar. Mshafi atasali huko kamili. Shia Ithnaashari atapunguza, kwa sababu yeye hujumlisha kwenda na kurudi, na kilomita 44 zinamtosha. Ibadhi naye atapunguza, kwani anahesabu farsakh mbili tu, kama kilomita 12 kutoka mwisho wa mji.

Hata hivyo, safari haianzi stendi. Mzee wetu hakuwa msafiri alipokuwa Mbezi, maana majengo ya mji wake yalikuwa bado yamemzunguka. Ruhusa ya kukusuru, yaani kuzifanya mbili zile swala za rakaa nne, ilianza alipoyaacha majengo hayo nyuma. Magharibi na alfajiri hazipunguzwi.

Sasa turudi kwenye tiketi. Kwa Mshafi, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika wala ya kuondoka, ni mkazi tangu anapofika. Msingi wake ni Hadithi: Muhajirina, waliokuwa wameihama Makka na kukatazwa kurejea kuishi huko, waliruhusiwa kubaki siku tatu baada ya ibada ya Hija. Wanazuoni wakaelewa kwamba siku tatu si ukazi, na ya nne ndiyo mpaka.

Basi hesabu ni hii. Akirudi Ijumaa, katikati kuna Jumanne, Jumatano na Alhamisi: siku tatu, bado ni msafiri. Akirudi Jumamosi, zinakuwa nne. Kwa tofauti ya siku moja, anapoingia Tanga safari yake imekwisha. Atasali alasiri rakaa nne na adhuhuri nne, tena adhuhuri hiyo itakuwa kadha, kwa kuwa kuichelewesha hadi alasiri kulihitaji safari iendelee mpaka amalize swala zote mbili. Angeshuka Segera angekuwa bado msafiri, hata kama ananuia kukaa Tanga mwezi mzima, na rakaa mbili mbili zingemtosha. Sharti lilikuwa moja: kabla wakati wa adhuhuri haujatoka, awe amenuia kuikusanya na alasiri. Aliyesinzia tu mpaka muda ukapita bila nia hiyo hakukusanya, amechelewa.

Mhanafi wa kiti cha jirani ana nafasi kubwa zaidi kwa siku, kwani huwa mkazi akinuia siku 15. Ithnaashari mpaka wake ni siku 10. Ibadhi ndiye anayewashangaza wengi: hana idadi. Madamu hajaifanya Tanga kuwa makazi yake, anaendelea kukusuru, hata ikipita miaka. Ndiyo maana mwanafunzi wa Kiibadhi anayesoma mbali na kwao anaweza kusali rakaa mbili mpaka amalize masomo, na wenzake wa bweni wakadhani amekosea.

Kwenye kukusanya mambo yanageuka. Mhanafi, mwenye siku nyingi kuliko Mshafi, hakusanyi ila Arafa na Muzdalifa wakati wa Hija. Njiani anachoweza ni kusali adhuhuri mwishoni mwa wakati wake na alasiri mwanzoni mwa wakati wake, kila moja mahali pake. Ratiba ya basi haimsaidii sana. Ithnaashari hukusanya hata nyumbani, sembuse Segera.

Kuna jambo moja ambalo mzee angelikuta msikitini kama angeshuka. Imamu ni mkazi, na jamaa ya alasiri imeshasimama. Mshafi akimfuata mkazi, hata kwa rakaa moja ya mwisho, imemlazimu kutimiza nne. Akizitaka mbili zake, asali peke yake au na msafiri mwenzake. Nje, dereva ameshaanza kupiga honi.