Kwa Nini Maji Hutangulia Chakula: Mkasa wa Wavuvi Wawili wa Mexico

Tarehe 17 Novemba, 2012, José Salvador Alvarenga, mvuvi mzoefu mzaliwa wa El Salvador, aliondoka pwani ya Chiapas nchini Mexico akiwa na kijana Ezequiel Córdoba, ambaye hakuwa na uzoefu wa bahari kuu. Walitumia boti ya faiba ya takribani mita saba, isiyo na paa wala tanga. Dhoruba iliwakuta wakiwa mbali na nchi kavu. Injini ikazimika, betri ya redio ikaisha, na kwa kuwa hawakuwa na nanga, mkondo wa maji ukawasukuma magharibi.

Ili boti isizame, walilazimika kutupa baharini samaki wote waliokuwa wamevua. Kuanzia hapo, kwa mujibu wa maelezo ya Alvarenga, adui wao mkubwa alikuwa kiu.

Alvarenga alijua kuwa maji ya bahari hayanyweki. Lita moja ya maji hayo ina takribani gramu 35 za chumvi, kiwango kinachozidi uwezo wa figo za binadamu. Ili kuitoa chumvi hiyo, mwili hulazimika kupoteza maji mengi kuliko yaliyonywewa, hivyo anayekunywa hukauka haraka zaidi. Kwa sababu hiyo, wawili hao walikunywa mkojo wao na damu ya kasa hadi mvua iliponyesha. Walikinga maji kwa ndoo, wakayahifadhi katika chupa za plastiki walizookota zikielea, na kuyanywa kwa kipimo. Mchana walijisitiri ndani ya sanduku la barafu, kwa kuwa kupunguza jasho nako ni kuweka akiba ya maji.

Chakula chao kilikuwa samaki, kasa na ndege, vyote vibichi. Hapo ndipo mvutano ulipoanza. Baada ya kuugua kutokana na nyama ya ndege, Córdoba alikata tamaa na kukataa kula. Mwenzake alimsihi, akamkemea na kujaribu kumlisha, lakini hakufanikiwa. Kijana huyo alidhoofika na kufariki dunia ndani ya miezi michache. Kabla ya hapo walikuwa wameahidiana kuwa atakayeokoka atamtembelea mama wa mwenzake, ahadi ambayo Alvarenga aliitimiza baadaye.

Alvarenga alifika nchi kavu katika kisiwa cha Ebon, Visiwa vya Marshall, mwishoni mwa Januari, 2014, baada ya zaidi ya siku 400.

Mkasa huu unaonesha kuwa mvuvi anayekwenda mbali anahitaji nanga, redio yenye betri iliyojaa, makasia na chombo safi cha kukingia mvua. Aidha, mwenzake anapoanza kukataa chakula, hiyo ni dalili ya hatari inayopaswa kushughulikiwa siku hiyo hiyo, kabla nguvu za mwili hazijaisha.